Sanduku ndilo shahidi: kutoka picha za muhtasari hadi leja ya kikundi

Jumamosi, Chamwino, Dodoma. Kwenye simu kuna picha 52 za daftari la katibu: vikao 26 vya kikundi cha kuweka na kukopa, kila Jumanne, kuanzia 2/1/2024 hadi 25/6/2024. Kila kikao kina kurasa mbili. Wanachama ni 18, hisa moja ni shilingi 2,000, na katiba yao inaruhusu kununua hisa moja hadi tano kwa kikao. Wanachotaka ni kitu kimoja: kila mtu ajue ameweka kiasi gani na anadaiwa kiasi gani, kabla ya siku ya mgao.

Mtu anayeanza kazi hii hukimbilia majina. Anafungua ukurasa, anaandika jina la kwanza na hela yake, la pili na hela yake, mpaka daftari liishe, halafu anajumlisha. Mimi naona hapo ndipo leja nyingi zinapoharibika, kwa sababu ukimaliza kwa njia hiyo hakuna kinachokuambia kama umesoma vizuri. Katibu aliandika haraka huku watu wakiongea, kalamu ikaruka, saba yake inafanana na moja. Macho peke yake hayatoshi. Kwa bahati nzuri ndani ya kila muhtasari kuna shahidi: mstari wa mwisho unaosema fedha zilizofungiwa sandukuni. Fedha hizo zilihesabiwa na watu wawili mbele ya kikundi kizima, sanduku likafungwa kwa kufuli tatu, na kikao kilichofuata kikaanza kwa kuzihesabu tena. Tarakimu hiyo imeandikwa mara mbili, kwenye kurasa mbili tofauti. Katika daftari lote hakuna namba ya kuaminika kuizidi.

Kwa hiyo naanza na sanduku. Kabla ya kugusa mwanachama hata mmoja, napitia picha zote nikiandika vitu vitatu tu: tarehe, fedha zilizokutwa na fedha zilizofungiwa. Zilizofungiwa Jumanne hii lazima zilingane na zilizokutwa Jumanne ijayo. Zisipolingana, ama kuna ukurasa haukupigwa picha, ama picha zimepangwa vibaya. Siku ya juma nayo inasaidia. Mwezi Januari makatibu wengi bado huandika mwaka uliopita kwa mazoea, lakini "Jumanne 9/1" ya 2024 ni Jumanne kweli, wakati 9/1/2023 ilikuwa Jumatatu.

Neno kuhusu picha zenyewe, maana zikija mbaya kazi yote inakuwa kubahatisha. Daftari liwe limelala mezani karibu na mlango au dirisha, simu iwe juu yake sawasawa, na kivuli cha mpigaji kisianguke kwenye karatasi. Ukurasa mmoja, picha moja, pembe zote nne zionekane. Karatasi za madaftari ya kawaida ni nyepesi na wino wa upande wa pili hupenya. Weka karatasi nyeusi chini ya ukurasa unaopigwa na maandishi ya nyuma yatafifia. Kutuma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguza ubora, na hapo ndipo koma na nukta zinapotea. Tuma kama hati. Na isitumwe kwenye kundi la wanachama wote, kwa sababu ukurasa huo una madeni ya watu.

Baada ya sanduku kukaa sawa, ndipo kuandika kunaanza. Sitengenezi ukurasa wa kila mwanachama. Naandika orodha moja ndefu kwenye Eksel, ukurasa unaoitwa Miamala, na kila hela iliyobadilisha mkono inapata mstari wake. Safu ni tarehe, namba ya picha, namba ya mwanachama, aina, ingia, toka na maelezo. Aina ni chache na hazibadiliki: HISA, JAMII, FAINI, MKOPO, REJESHO, RIBA. Mama aliyenunua hisa tatu, akatoa 500 ya mfuko wa jamii na kulipa faini ya kuchelewa anapata mistari mitatu. Inachosha, lakini kosa linapotafutwa baadaye, kila mstari unakurudisha kwenye picha yake.

Mwanachama anaingia kwa namba yake, kamwe si kwa jina. Muhtasari mmoja unasema "Mama Neema", mwingine unataja jina lake la ubatizo, wa tatu unatumia jina la ukoo, na wakati huohuo kuna Mama Neema wa pili upande wa pili wa kijiji. Orodha ya nani ni nani hujazwa na katibu na mtunza fedha wakiwa wamekaa pamoja. Ukibahatisha jina moja, mtu mmoja ananyang'anywa akiba na mwingine anapewa isiyo yake, na sanduku halitakuonya, kwa kuwa jumla haibadiliki. Sanduku halina uwezo wa kuona kosa la aina hiyo.

Sasa kikao kimoja kwa ukamilifu, Jumanne 12/3/2024. Zilikutwa 146,500. Walihudhuria 15. Kwa kusoma picha nilipata hisa 62,000, mfuko wa jamii 7,500, faini 2,000, na rejesho la namba 14 shilingi 43,000. Yaliyoingia ni 114,500. Namba 6 alikopa 120,000. Hesabu inasema sandukuni zibaki 141,000. Katibu ameandika 132,000, na Jumanne iliyofuata zilikutwa 132,000 hizohizo. Zimepungua 9,000.

Tofauti yenyewe huwa inaongea. Ikigawanyika kwa tisa bila baki, shuku sifuri iliyozidi au kupungua, au tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi: 10,000 ikisomwa badala ya 1,000 inaacha 9,000, na 81,000 badala ya 18,000 inaacha 63,000. Ikiwa nusu ya tofauti inalingana na kiasi kilichomo kwenye ukurasa, huenda kiasi hicho umekiweka upande usio wake. Lile rejesho la 43,000 lingewekwa kwenye toka, tofauti ingekuwa 86,000.

Hapa ni 9,000, basi natafuta palipo na 10,000. Zipo mbili, namba 3 na namba 11. Ya namba 11 ina doa mwishoni, na jumla ya safu imefichwa na kidole cha aliyepiga picha. Picha ikarudiwa. Jumla ya katibu ni 53,000, na hiyo yenyewe ni jibu: 53,000 haigawanyiki kwa 2,000, kwa hiyo ndani ya safu ya hisa kuna kitu kisicho hisa. Kila hisa hupigwa muhuri mmoja kwenye kitabu cha mwanachama, na cha namba 11 hakina muhuri hata mmoja wa tarehe hiyo. Hakununua hisa. Alilipa 1,000, faini ya kutokuja wiki iliyotangulia, na katibu akaiandika mbele ya jina lake kwenye safu iliyokuwa karibu. Hisa zinakuwa 52,000, faini 3,000, yaliyoingia 105,500, na sanduku linafunga kwenye 132,000 bila kupungua hata senti.

Kama ningeiacha ile 10,000, namba 11 angekwenda kwenye mgao na hisa tano hewa, na zingelipwa kutoka kwenye fedha za wenzake 17.

Rejesho la namba 14 linataka uangalifu wa aina nyingine. Alikopa 100,000 tarehe 13/2. Muhtasari unasema tu "kalipa 43,000". Hela hiyo ina riba ndani yake, na leja haiwezi kutoa salio sahihi mpaka itenganishwe. Riba ya kikundi hiki ni asilimia 10 kwa mwezi na katiba inasema riba hukatwa kwanza. Basi 10,000 ni RIBA, 33,000 ni REJESHO, salio la mkopo ni 67,000. Mwezi wa kwanza haijalishi riba inahesabiwaje, jibu ni lilelile. Mwezi wa pili ndipo njia zinaachana: ikihesabiwa kwenye salio ni 6,700, ikihesabiwa kwenye mkopo wa awali ni 10,000 tena. Swali hilo hujibiwa na katiba, na katiba ikinyamaza hujibiwa na kikao. Anayeandika leja hana mamlaka ya kuchagua.

Mistari ikikamilika, ukurasa wa wanachama hujijaza wenyewe. Namba ya mwanachama ikiwa kwenye A2, hisa zake na salio la mkopo wake ni hivi:

```
=SUMIFS(Miamala!E:E,Miamala!C:C,A2,Miamala!D:D,"HISA")

=SUMIFS(Miamala!F:F,Miamala!C:C,A2,Miamala!D:D,"MKOPO")
 -SUMIFS(Miamala!E:E,Miamala!C:C,A2,Miamala!D:D,"REJESHO")
```

Kosa linalojificha zaidi hapa ni kuandika kiasi kama kilivyo daftarini, 2,000/=. Kompyuta inaona maneno, haioni namba, na inakiruka kimyakimya. Andika 2000 tu. Ukiona kiasi kimeegemea kushoto mwa kisanduku wakati vingine vimeegemea kulia, hicho ndicho. Nafasi tupu baada ya neno HISA nayo huifanya kompyuta ione ni aina nyingine kabisa.

JAMII naiacha nje ya akiba ya mtu. Ni ya misiba na magonjwa, haigawanywi kwa hisa, ingawa inalala kwenye sanduku lilelile.

Kuanzia Januari hadi Machi hisa zimeshuka kwa karibu kila mtu, wengine moja moja, wengine hakuna. Asiyeijua Dodoma angedhani kurasa zimepotea. Ni miezi ya mvua na palizi, ghala limepungua na hela inakwenda kwenye chakula. Mwishoni mwa Mei mtama na uwele vinaanza kuvunwa na hisa tano tano zinarudi. Sanduku linafunga vizuri miezi yote hiyo, kwa hiyo upungufu ule ni wa kweli.

Kati ya vikao 26, kimoja bado hakijafunga. Tarehe 28/5 sandukuni zimezidi 4,000 kuliko hesabu. Nimeiandikia mstari wake, aina ya muda HAIJAPATANA, bila namba ya mwanachama, ili ionekane na isigawanywe kinyemela kwa mtu yeyote. Shilingi 4,000 ni hisa mbili. Jumanne vitabu vyote 18 vitakuwepo kikaoni, na kabla kila mtu hajasomewa jumla yake tutafungua tarehe hiyo katika kila kitabu, tukitafuta mihuri miwili ambayo daftari la katibu haliijui.