Tafuta kwanza sentensi isiyomdai mtu

Mpwa wangu yuko darasa la sita, na jioni hizi baada ya magharibi hunijia na daftari lake la Kiswahili. Kinachomtesa ni zoezi moja tu: unapewa sentensi zilizovurugwa, uzipange upya ziwe aya yenye mantiki. Anasoma vizuri na maneno yote anayaelewa, lakini akifika hapo huanza kubahatisha. Mara nyingi hupata mbili za mwanzo, nyingine huzigawa kama karata.

Nimeona mazoezi mengi ya namna hii yamejaa habari ambazo mtoto wa hapa Pemba hazijui, kwa hiyo hana akili ya mambo ya kumsaidia pale sarufi inaponyamaza. Nikamtungia la kwangu, la karafuu, maana nyumbani kwao kila msimu majamvi huwa uwanjani. Hili hapa:

A. Hata hivyo, ilipofika adhuhuri mawingu yalitanda, ikabidi zianuliwe haraka.

B. Vijana hao walishuka jioni na vikapu vilivyojaa vishada vya karafuu.

C. Usiku huo watu wa nyumbani walikaa barazani wakivichambua, karafuu kando na makonyo kando.

D. Bibi mmoja wa Konde alikuwa na mikarafuu michache nyuma ya nyumba yake.

E. Asubuhi yake karafuu hizo zikaanikwa uwanjani juu ya majamvi, na makonyo pembeni.

F. Msimu ulipofika, aliwaita wamsaidie kuichuma vijana wa jirani.

Akaanza na F. Nilitarajia hivyo, kwani "Msimu ulipofika" lina sura ya mwanzo, na watoto wamezoea hadithi zinazoanza kwa kutaja wakati. Sikumwambia kama kapata au kakosa. Nilimuuliza, "Aliwaita nani?" Akajibu, "Vijana, mjomba." Nikamwambia, "Nauliza aliyeita." Akaisoma tena, akanyamaza. Ndani ya "aliwaita" mna mtu aliyejificha kwenye ile "a" ya mwanzo, na sentensi yenyewe haimtaji. Tena kuna "kuichuma". Hiyo "i" ni ya kitu gani? Sentensi ya F inadai mtu mmoja na kitu kimoja, na vyote viwili haina. Sentensi yenye madeni haiwezi kutangulia.

Basi tukazipitia zote kwa jicho hilo. B inadai vijana, kwa sababu ya "hao". C inadai usiku uliokwisha kuelezwa, na inadai vitu vya ngeli ya KI-VI vinavyochambuliwa. E inadai siku ya jana yake, na karafuu ambazo tayari tunazijua. A inadai vitu vya kuanuliwa. D peke yake ndiyo ina "yake" ambayo mwenyewe yumo humo humo: ni ya bibi. Haimdai mtu. D ndiyo ya kwanza, na tulifika hapo bila kubahatisha.

Kuanzia hapo sikumruhusu kuandika mstari mzima A mpaka F. Nilimtaka atafute jozi tu, ipi inashikana na ipi, na jozi hizo azihesabie sababu. Mwenye kuandika mfululizo moja kwa moja akikosea wa pili, wote wanaofuata wanakwenda upande. Mwenye jozi, hata ikivunjika moja, nyingine zinabaki.

D na F: bibi ndiye "a", mikarafuu ndiyo "i". Hapa alinipa furaha, kwani aliuliza mwenyewe, "Mbona na nyumba nayo ni i?" Kweli. D ina mikarafuu na ina nyumba, na "kuichuma" kwa sarufi inaweza kuwa ya yoyote kati ya hizo. Lakini nyumba haichumwi. Hivi ndivyo Kiswahili kinavyofanya kazi katika zoezi hili: ngeli inakupunguzia washukiwa mpaka wawili au mmoja, halafu kitenzi kinakwambia ni yupi.

F na B: vijana waliitwa, na "vijana hao" ndio walioshuka. Kionyeshi chenye "o" mwishoni, hao, hizo, huo, hicho, humrudisha msomaji kwa kilichotajwa. Mtoto akiona "hao" asisome mbele, atazame nyuma, aulize nani kawataja.

B na C ndipo palipo patamu. "Wakivichambua" ina "vi", na B ina vikapu na ina vishada. Vyote ni vi, na hapa nako hatuwezi kusema kimoja kimo sentensi nyingine. Vimekaa bega kwa bega. Anayejua shughuli ya karafuu hasiti: kinachochambuliwa ni kishada, unatenga karafuu na konyo lake, kile kijiti kinachoishika. Kikapu kinamwagwa tu. Kwa kupanga sentensi tofauti hiyo haibadilishi kitu, kwa sababu vyote viwili viko B, na C itafuata B kwa vyovyote. Lakini nilimkalisha hapo kwa makusudi, kwa kuwa ipo siku vitu viwili vya ngeli moja vitakuwa katika sentensi mbili mbalimbali, na hapo atapotea. Kiungo cha pili cha jozi hii ni wakati: walishuka jioni, na usiku huo wakachambua.

C na E zilishikana upesi. "Asubuhi yake" inataka usiku nyuma yake, "karafuu hizo" zimetoka kutengwa, na kitenzi ni "zikaanikwa". Ile "ka" ni ya kuendeleza. Mtu hafungui habari kwa "ka", lazima kuna tendo lililotangulia linaloibeba.

E na A zinafungwa na mambo mawili, na la pili ndilo napenda kuliko yote katika zoezi zima. La kwanza ni "hata hivyo", linalotaka jambo kinyume chake kabla yake: zilianikwa juani, kumbe mawingu yanakuja. La pili ni kitenzi chenyewe. Hakuna kuanua pasipo kuanika. Neno "zianuliwe" limebeba ndani yake tendo lililokwisha kutokea, hata ungefuta "hata hivyo" na ungefuta "zi", bado A ingekuwa na pahala pamoja tu pa kukaa. Na mtoto wa Pemba anajua kwa nini "haraka": karafuu mbichi ikipata mvua au ikikawia kukauka hupauka na hushuka thamani.

Mpangilio basi ni D, F, B, C, E, A.

Viunganishi nilimwachia mwisho kwa makusudi. Watoto hufundishwa kuviwinda kwanza, nami naona hiyo ndiyo inayowapoteza, kwa sababu havina nguvu sawa. "Pia" na "vilevile" zinaweza kukaa karibu popote. "Kisha" inakwambia tu kwamba kuna kitu kabla. "Kwa hiyo" ni bora zaidi, inadai sababu, na "hata hivyo" inadai upinzani. Upatanisho wa kisarufi ni shahidi madhubuti kuliko vyote hivyo, kwani "zi" haiwezi kuwa ya makonyo hata ukiitesa.

Kuna mahali shahidi huyu anaumbuka, nikamwonyesha. Katika hadithi za Sungura na Fisi, wote ni "a". Akakimbia, akamdanganya, akaanguka: yupi? Wanyama, kama watu, huchukua "a" na "wa" hata jina likiwa na umbo la ngeli nyingine. Kipepeo lina umbo la KI-VI, lakini twasema kipepeo alitua, hatusemi kilitua. Katika hadithi hizo unaacha viambishi, unafuata tendo na jawabu lake: aliyeulizwa ndiye atakayejibu, aliyetegewa ndiye atakayenaswa.

Mahali pengine ni "hayo". Siku ile alipoona "baada ya hayo" katika zoezi jingine alihangaika kutafuta neno la ngeli ya MA, akaishikiza kwa "maembe". Lakini "baada ya hayo" na "licha ya hayo" huelekeza kwenye mambo yote yaliyosemwa, wala si kitu kimoja kilichotajwa. Kipimo chake ni rahisi: tia neno "mambo" baada yake. Ikisomeka, acha kutafuta maembe.

Tulipomaliza nikamwongezea sentensi ya saba, G: "Makonyo hayo hayatupwi, kwani nayo huuzwa yakatolewe mafuta." Akaiweka baada ya C. Dada yake mkubwa, aliyekuwa anasuka nywele pembeni, akasema yeye angeiweka mwisho kabisa, baada ya A. Nikawaacha wabishane.

Wa C alisema makonyo yametoka kutajwa hapo hapo. Wa A alisema habari ya kuuza huja baada ya kuanika na kuanua. Tukajaribu kwa kusoma viungo tu, yaani maneno ya mwisho ya sentensi moja na ya mwanzo ya inayofuata. Baina ya E na A ilikataa kabisa, kwani "hata hivyo, mawingu yalitanda" ikageuka kupinga kuuzwa kwa makonyo. Baada ya C ilisomeka. Mwisho nako ilisomeka, ingawa "hayo" ilikuwa inaruka A nzima kuyafuata makonyo. Aya ilikubali pote pawili.

Zoezi la namna hiyo halifai kupewa mtoto kwa maksi. Mwalimu mwenye karatasi ya majibu atamkata mmoja wao, na wote wawili wametoa hoja. Dawa ni kuifunga sentensi kwa jirani mmoja tu, kwa hiyo nikaiandika upya: "Makonyo nayo yakakusanywa pamoja nazo, kwani huuzwa yakatolewe mafuta." Sasa "ka" inaendeleza tendo la nyuma, "nazo" inazitaka karafuu ziwe zinashughulikiwa wakati huo huo, na ukiirudisha baada ya C haisomeki, kwani usiku ule karafuu na makonyo vilikuwa ndiyo kwanza vinatenganishwa.

Mpwa wangu aliisoma mara mbili, akaandika G chini ya A, kisha akaniomba nimwachie kalamu atunge lake la mwani, nami ndiye nitakayelipanga kesho.