KD sifuri ilivyonipeleka pabaya: uzoefu wangu wa kuchagua neno la makala

Kwenye mafunzo niliyohudhuria hapa Mwanza tulipewa kanuni moja tu: tafuta neno lenye KD, yaani alama ya ugumu wa kupanda kwenye matokeo ya Google, chini ya 30 na utafutaji zaidi ya 100 kwa mwezi, kisha andika. Kanuni hiyo inaniudhi mpaka leo. Ukiandika kwa Kiswahili, maneno mengi mno yana KD chini ya 30, na yaliyo mengi yanasoma sifuri. Kipimo kinachompa kila mtu alama moja hakikusaidii kuchagua.

Sababu yake iko kwenye namna alama inavyotengenezwa. KD ya chombo cha Ahrefs, kwa mfano, inaangalia kurasa zilizo kumi bora kwa neno hilo na kuhesabu ni tovuti ngapi tofauti zimeweka viungo kuelekea kurasa hizo zenyewe. Haisomi maandishi wala haiulizi kama msomaji alipata alichokitaka, na haipimi nguvu ya tovuti nzima inayobeba ukurasa. Sisi waandishi wa Kiswahili ni nadra kuwekeana viungo, kwa hiyo hesabu inatoka sifuri hata pale ambapo ukurasa wa kwanza umejaa video za YouTube, Wikipedia na magazeti makubwa. Video ya YouTube isiyo na kiungo hata kimoja haiongezi KD, lakini kuing'oa ni kazi kubwa.

Nilikuwa namwandikia mama mmoja wa Ilemela anayeuza chakula cha samaki na vifaranga vya sato. Wateja wake wakubwa ni wafugaji wa vizimba ziwani, basi nikaanza na neno «vizimba». KD ilikuwa 0, na Keyword Planner ya Google ilinipa utafutaji 100 – 1K kwa mwezi. Kwa kanuni ya mafunzo, hilo lilikuwa embe lililokwisha kuiva. Niliandika makala ndefu, na ndani ya miezi miwili ikafika ukurasa wa kwanza.

Kisha simu zikaanza kuingia kwa yule mama. Alinipigia jioni moja na kuniambia, «Mwanangu, leo nimepokea simu tatu. Wote wanauliza vizimba vya sokoni vinatolewa lini na fomu ziko wapi. Mimi nauza pumba na vifaranga, nitawajibu nini?»

Nilifungua Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha watu walitafuta nini tovuti ilipotokea, nikaingia kwenye Performance, nikachuja nchi iwe Tanzania, kisha nikapanga maneno kwa «Impressions», yaani mara ambazo tovuti ilionyeshwa kwenye matokeo. Jibu lilikuwa wazi. Kizimba kwetu ni nyumba ya samaki ziwani, ni meza ya mfanyabiashara sokoni, na ni pale mshtakiwa anaposimama mahakamani. Watafutaji wengi walitaka mambo ya soko, wengine habari za kesi, na wa samaki walikuwa wachache waliobaki. Ile 100 – 1K ilikuwa jumla ya makundi matatu yasiyohusiana, na chombo hakikuwa na njia ya kuyatenganisha.

Tangu hapo, kabla sijatazama namba yoyote, ninatafuta neno lenyewe na kusoma matokeo kumi. Situmii simu yangu ya kila siku, kwa sababu historia yangu inapindisha matokeo. Nafungua dirisha la faragha na kuandika anwani hii, nchi na lugha zikiwa zimetajwa:

```
https://www.google.com/search?q=vizimba&gl=tz&hl=sw
```

Matokeo yakichanganya maana mbili au tatu, neno hilo silitumii peke yake. Neno «sato» lina ugonjwa uleule na kwa ukubwa zaidi, maana ni jina la ukoo la kawaida sana Japani. Ukiiacha nchi kwenye dunia nzima utaona idadi ya kupendeza isiyo na mvuvi hata mmoja ndani yake. Basi jambo la kwanza kukagua kwenye Keyword Planner ni nchi iliyochaguliwa, na la pili ni safu ya «Competition»: hiyo inaeleza watangazaji wanavyogombea neno kwa matangazo ya kulipia. Haihusu ugumu wa kupanda kwenye matokeo ya kawaida, ingawa nimeona watu wengi wakiisoma hivyo.

Ile 100 – 1K nayo inahitaji kusomwa kwa makini. Akaunti isiyolipia matangazo, au inayolipia kidogo, huonyeshwa masafa badala ya namba. Kati ya 100 na 1,000 tofauti ni mara kumi, na haiwezekani kupanga kazi ya siku tatu juu ya kitu kipana hivyo. Hata wanaopata namba kamili hawapati hesabu halisi, kwa kuwa Google huzipanga kwa ngazi: 590, 720, 880, 1,000, 1,300 na kuendelea. Maneno mawili yaliyo jirani kwenye ngazi hizo yachukulie kuwa sawa. Na ukiona maneno mawili yanayokaribiana yana namba ileile kabisa, shuku kwamba chombo kimeyajumlisha na kukupa jumla hiyo kwa kila moja. Ukizijumlisha tena umewahesabu watu walewale mara mbili.

Neno la pili nililolipima lilikuwa «ufugaji wa samaki kwenye vizimba». Hapa maana ni moja tu. Keyword Planner ilisema 10 – 100, na chombo kingine kilisema 0. Ningefuata kanuni ya mafunzo ningelitupa. Badala yake nilitumia njia ninayoipenda kuliko zote: kupima neno nisilolijua kwa neno ninalolijua.

Tovuti ya yule mama tayari ilikuwa na ukurasa wa «ufugaji wa samaki» uliokaa nafasi ya tatu hivi mwaka mzima. Ukurasa ukiwa haushuki kutoka ukurasa wa kwanza, karibu kila mtu anayetafuta neno lile anaoneshwa matokeo yako, na «Impressions» zinakaribia idadi halisi ya utafutaji. Nilichuja kwa «Queries containing» nikaandika ufugaji wa samaki, nchi Tanzania, miezi 12. Ilitoka kama 7,200, yaani 600 kwa mwezi. Hiyo ni namba ya chini, kwa sababu Search Console huficha maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno ili kulinda faragha yao. Nilichagua «containing» kwa makusudi, maana Google Trends nayo ukiipa neno hujumlisha utafutaji wote wenye maneno hayo ndani yake. Ukitumia neno kamili upande mmoja na neno lenye nyongeza upande wa pili, uwiano unaharibika.

Halafu nikaweka maneno yote mawili kwenye Trends, Tanzania, miezi 12. Namba za Trends, 0 hadi 100, hazihesabu watu. 100 ni kilele cha grafu, na nyingine zote ni sehemu ya kilele hicho. Kwa hiyo peke yake haikwambii kitu kuhusu wingi, ila ukiweka maneno mawili kwenye grafu moja unapata uwiano wao. Nilipakua faili la CSV na kutafuta wastani wa kila safu:

```
=AVERAGE(C4:C55)
```

Ufugaji wa samaki ulipata 31 na neno langu likapata 9. Mia sita mara 9 gawanya kwa 31 ni kama 174 kwa mwezi. Nilifurahi, kisha nikatazama faili tena. Wiki 30 kati ya 52 zilikuwa na alama `<1`. Hiyo ni herufi, si namba, na AVERAGE huiruka kimyakimya. Nilikuwa nimepata wastani wa wiki 22 nzuri tu. Nilibadilisha kila `<1` iwe 0.5, na wastani ukashuka hadi 4 na kidogo. Hesabu mpya ilitoka karibu 79 kwa mwezi, chini ya nusu ya ile ya kwanza. Ukitumia njia hii, hapo ndipo pa kukagua kwanza.

Kuna mipaka mingine miwili. Trends huchukua sampuli, hivyo neno dogo hubadilika kidogo ukipakua siku nyingine. Mimi hupakua siku tatu tofauti na kutumia wastani. Na neno likiwa dogo zaidi ya hapo, Trends haitaonyesha chochote, kwa hiyo njia hii haifai kwa kila neno.

Wastani wa mwaka nao huficha vilele. Mfano ulio wazi ni «matokeo ya kidato cha nne»: watu huyatafuta kwa wingi siku yanapotoka, mara nyingi Januari, halafu kimya. Kwa vizimba nilifungua grafu ya miaka mitano kuona kama kuna habari iliyovimbisha namba. Mwanzoni mwa 2024 serikali ilikabidhi mikopo ya boti na vizimba hapa Mwanza, na kilele kinachotokana na tukio kama hilo si mahitaji ya kila mwezi. Kilele cha namna hiyo nakiondoa kwenye wastani.

Baada ya namba nilirudi kwenye matokeo kumi, safari hii kutafuta ugumu wenyewe. Ninauliza swali moja kwa kila tokeo: mtu anayetaka kuweka kizimba chake cha kwanza atapata hapa anachohitaji? Video zilikuwa nne, na mbili kati yake zilikuwa taarifa za habari. PDF moja ya utafiti ilikuwa ya Kiingereza. Zilizobaki nyingi zilikuwa habari za hafla, na ukurasa mmoja tu ulieleza vifaa na gharama, nao kwa aya mbili. Kwangu, kurasa tatu zinazojibu swali kikamilifu zinatosha kuniambia niachane na neno, hata KD isome sifuri. Hapa ulikuwapo mmoja dhaifu.

Sasa swali likawa kama watu 79 wanatosha. Kurasa za tovuti ile zilizo nafasi ya pili au ya tatu hupata kama mibofyo 10 kwa kila 100, kwa hiyo nilitarajia wageni wanane kwa mwezi. Mfugaji mmoja wa vizimba hununua chakula kwa mifuko mingi, mwezi hadi mwezi, na akipatikana mmoja kwa miezi miwili gharama ya makala na nauli ya boti kwenda kupiga picha inarudi. Kwa mtu anayeishi kwa matangazo ya kwenye ukurasa, wageni wanane si kitu, na ningemshauri aliache neno hilo.

Makala ilichukua miezi minne kufika nafasi ya pili. Impressions zimekaa kati ya 70 na 95 kwa mwezi, na mstari wa juu kabisa kwenye orodha ya maneno ya mwezi uliopita ulikuwa «kizimba cha samaki mita 6 kwa 6 bei gani».