Deni la chuo pauni 45,000: nilivyopiga hesabu ya miaka nikaamua nisilipe ziada

Naandika hii kwa wale mliosoma chuo Uingereza kwa mkopo wa serikali, hasa Plan 2, yaani mlioanza chuo England kati ya Septemba 2012 na Julai 2023. Mimi nilimaliza 2018, makato yakaanza Aprili 2019, na deni langu sasa hivi lipo kama pauni 45,000. Mwaka huu nilikua na akiba ya pauni 6,000 na swali lilikua moja tu, niiingize kwenye deni au niiache.

Mama alikua na jibu tayari. "Mwanangu deni ni deni, lipa upumue." Namwelewa kabisa, kwa malezi yetu mtu mwenye deni halali vizuri. Ila huu mkopo hauendi kama mkopo wa benki ndo maana nikasema ngoja kwanza nipige hesabu, nimjibu mama kwa namba.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kwa mwaka wa kodi 2025/26 kizingiti cha Plan 2 kilikua pauni 28,470, na ndo nimekitumia kwenye hesabu zote hapa. Chini ya hapo hukatwi kitu. Juu ya hapo unakatwa asilimia 9 ya kile kilichozidi, sio ya mshahara wote, na hili watu wengi wanalichanganya. Mshahara wangu ni 34,000 kwahiyo kilichozidi ni 5,530, asilimia 9 yake ni kama pauni 498 kwa mwaka. Kwenye slipu inaonekana 41 kwa mwezi maana wanashusha hadi pauni kamili. Na ukiangalia vizuri, kiasi cha deni hakipo popote kwenye hiyo hesabu. Nidaiwe 20,000 au 80,000, makato ni yaleyale 41. Kitu kingine, deni likifika miaka 30 tangu ile Aprili ya kwanza linafutwa, langu ni Aprili 2049, yaani bado kama miaka 23.

Sasa riba. Hapa ndo watu wanapoteza usingizi. Riba ya Plan 2 inaanzia kwenye kipimo cha mfumuko wa bei kinachoitwa RPI na inapanda taratibu kadri mshahara unavyopanda mpaka RPI jumlisha asilimia 3. Kuanzia Septemba 2025 RPI inayotumika ni 3.2, kwahiyo mwenye mshahara mdogo anatozwa 3.2 na anayepata 51,245 kwenda juu anatozwa 6.2. Mimi kwa 34,000 inaniangukia kama 3.93. Asilimia 3.93 ya 45,000 ni kama pauni 1,770 kwa mwaka. Nalipa 498, linaongezeka 1,770. Ukifungua akaunti ukaona hivyo unahisi kama hela yako inaliwa na shimo, na ukiingiza kwenye ekseli, kwa fomula ya NPER inayohesabu deni litachukua miaka mingapi kuisha, ndo kabisa:

```
=NPER(0.0393, -498, 45000)
```

Inakurudishia #NUM! ambayo maana yake riba inazidi malipo, deni haliishi milele. Wengi wakifika hapa wanakimbia kutoa akiba zao zote wapunguze deni.

Ila hiyo hesabu ina tatizo. Riba imebeba mfumuko wa bei ndani yake lakini mshahara nimeuacha 34,000 ule ule kwa miaka yote na kizingiti vilevile, wakati kwa miaka 23 hivyo vyote navyo vinapanda. Huwezi kuweka mfumuko upande mmoja ukautoa upande wa pili. Kwahiyo nikautoa kote, nikahesabu kila kitu kwa hela ya leo. Nikitoa RPI kwenye riba yangu inabaki asilimia 0.73 tu, ambayo kwa 45,000 ni kama pauni 328. Nalipa 498, riba halisi 328, kumbe deni linashuka, kidogo sana lakini linashuka. Ukirudia:

```
=NPER(0.0073, -498, 45000)
```

jibu ni kama miaka 148. Mimi nina 23. Kwahiyo kwa mshahara wa sasa deni haliishi, na hapa ndo nilipoanza kuona kua swali la "litaisha lini" sio swali langu. Swali langu ni nitakua nimelipa pauni ngapi mpaka siku ya kufutwa, na je hizo 6,000 zitapunguza hicho kiasi.

Mshahara haubaki palepale lakini, na mimi nina mpango wa kupanda. Nikatengeneza jedwali la mwaka kwa mwaka, kila mstari una salio, riba halisi ya mshahara wa mwaka ule, makato, salio jipya. Nikajiwekea 34,000 kwa miaka mitano, halafu 42,000 kwa mitano mingine, halafu 50,000 kwa miaka 13 iliyobaki, zote kwa hela ya leo. Makato yanaenda 498, kisha kama 1,218, kisha kama 1,938 kwa mwaka. Jumla nitakayokua nimelipa ni karibu pauni 33,800 na siku ya kufutwa bado nitakua nadaiwa kama 30,300.

Halafu nikarudia jedwali lilelile nikitoa zile 6,000 mwanzoni, salio lianzie 39,000. Mwisho linabaki kama 20,500 badala ya 30,300. Linaonekana limepungua sana, sindio? Ila zote mbili zinafutwa siku ileile. Makato yangu ya kila mwaka hayajabadilika hata pauni moja maana yanafuata mshahara, hayafuati deni. Yaani ningetoa 6,000 halafu nikaendelea kulipa 33,800 zilezile. Hela yangu ingepunguza ile sehemu ambayo serikali ingeifuta yenyewe.

Nilimwonyesha mama jedwali mstari kwa mstari, kimya kidogo, akauliza "na ukipata kazi kubwa je?" Swali zuri sana na ndo linalogawa watu. Nikatafuta ni mshahara gani ambao kwa miaka 23 iliyobaki ungelimaliza deni la 45,000. Kwa riba halisi ya asilimia 3 (maana ukivuka 51,245 unatozwa riba ya juu kabisa) unahitaji makato ya kama pauni 2,740 kwa mwaka, na hiyo ni mshahara wa wastani wa kama 59,000 kwa hela ya leo, kila mwaka, kuanzia sasa. Ukichelewa kufika hapo unahitaji zaidi ya hapo.

Jamaa yangu tuliyemaliza naye yupo juu ya huo mstari. Anapata 75,000 na deni lake linakaribia langu kwahiyo tulilifanyia kazi kama 45,000. Yeye anakatwa kama 4,188 kwa mwaka, riba halisi 3, NPER inampa miaka 13 na kidogo. Lake litaisha kabla ya kufutwa, kwahiyo kwake kila pauni anayotoa leo inakata miaka ya mwisho. Akitoa 6,000 leo inakua kama miaka 11, anaokoa makato ya kama pauni 8,700 kwa hela ya leo. Nilimwambia lipa, kama hauna deni lingine lenye riba kubwa zaidi, na akalipa. Marafiki wawili, mkopo uleule, majibu mawili tofauti kabisa, na ndo maana sipendi mtu akisema tu "usilipe ziada" au "lipa haraka" bila kuuliza mshahara na miaka iliyobaki.

Kuna jambo limeniuma kwenye haya majedwali. Nilipojaribu mishahara mbalimbali kwa mtu anayeanza leo na miaka 30 kamili na deni la 45,000, wa 75,000 anamaliza akiwa amelipa kama 55,000. Wa 55,000 anachukua miaka 28 na analipa kama 67,000. Yaani mtu wa kati anayemaliza kwa kuburuza ndo analipa zaidi kuliko anayepata zaidi yake. Kwa macho yangu hiyo sio haki, na kama upo maeneo hayo ndo unatakiwa kupiga hesabu kwa umakini kuliko sisi wengine wote, maana wewe kosa la makadirio kidogo tu linakuhamisha upande.

Jambo la makato ya kila mwezi pia, kwa faida ya wadogo zetu. Mfumo wa mishahara hauangalii mwaka, unaangalia mwezi, na kizingiti cha mwezi kwa 2025/26 kilikua pauni 2,372.50. Mdogo wangu anapata 27,000, yaani 2,250 kwa mwezi, yupo chini. Desemba akapiga ovataimu ya 800 ikawa 3,050, akakatwa 60. Lakini mwaka mzima alipata 27,800 ambayo ipo chini ya 28,470, kwahiyo hakutakiwa kukatwa kabisa. Mwaka wa kodi ukiisha unaruhusiwa kuidai hiyo hela kwenye kampuni ya mikopo ya wanafunzi, na ameidai. Wakati unaangalia slipu angalia pia imeandikwa Plan gani, maana mwajiri asipojua anaweka Plan 1 ambayo kizingiti chake ni cha chini, kwa 2025/26 kilikua 26,065, unakatwa zaidi ya inavyotakiwa.

Kuhusu zile 6,000, sehemu nimeiweka kwa ajili ya amana ya nyumba na sehemu kwenye pensheni. Kazini kwetu kuna utaratibu wa kukubali mshahara upunguzwe kabla na hiyo hela iende pensheni moja kwa moja, na kwa kua makato ya mkopo yanahesabiwa kwenye mshahara uliobaki, kila pauni 100 ninayopeleka inapunguza makato ya mkopo kwa pauni 9. Kwa jamaa yangu hizo 9 ni kama kuahirisha tu malipo, kwangu mimi ambaye deni litafutwa hizo 9 zimebaki kwangu kabisa. Angalia lakini ni utaratibu huo huo hasa, maana pensheni inayokatwa baada ya mshahara kuhesabiwa haigusi makato ya mkopo.

Kila Aprili nafungua jedwali nabadilisha mshahara, kizingiti na salio, na riba naibadilisha Septemba. Kizingiti ndo nakiogopa zaidi. Kuanzia Aprili 2021 hadi Aprili 2025 kilibaki 27,295 bila kusogea wakati bei zote zinapanda, na kizingiti kikisimama wewe unakatwa zaidi hata kama nyongeza yako imefuata tu bei. Nilijaribu kukishusha pauni 2,000 kwa hela ya leo kwenye jedwali langu, makato yakaongezeka pauni 180 kwa mwaka, kama 4,100 kwa miaka yote 23. Inauma, lakini deni bado halikuisha kabla ya 2049, kwahiyo jibu la zile 6,000 lilibaki lilelile.