Jinsi nilivyofungua kebotai iliyobana kwenye shingo ya pikipiki kwa pini

Wiki moja baada ya kufungiwa taa mbili za ziada, pikipiki yangu ya cc 125 ilianza tabia iliyonitisha. Nikikata usukani kulia, hakuna neno. Nikikata kushoto hadi mwisho, injini inapandisha mlio yenyewe, na mkono sijaugusa. Mara ya kwanza ilinitokea sokoni Muheza nikigeuza katikati ya watu, pikipiki ikataka kuruka mbele. Nilibana klachi, Mungu akasaidia.

Nyumbani niliisimamisha kwa stendi kubwa, nikaiwasha, nikawa nageuza usukani polepole huku nasikiliza. Mlio ulipanda kila nilipokaribia mwisho wa kushoto na kushuka niliporudisha katikati. Dalili hiyo ina maana moja karibu kila mara: waya wa eksileta umebanwa mahali, kwa hiyo usukani unapozunguka waya hauna nafasi ya kufuata, unavutika, na kabureta inafunguka. Nikaegemeza tochi shingoni, kati ya tenki na taa ya mbele, nikamwona mkosaji. Fundi aliyefunga taa alikuwa amekusanya nyaya zake mpya, fungu zima la nyaya za pikipiki na waya wa eksileta, akavifunga vyote pamoja kwenye bomba la fremu kwa kebotai moja nyeusi, ule ukanda wa plastiki wa kufungia nyaya unaojikaza kwa meno, ya upana wa milimita 4.8. Aliikaza kwelikweli, kisha akaukata mkia ukabaki kama milimita mbili.

Wengi watasema kata, kebotai ni bei ya pipi. Nami mahali palipo wazi ningekata. Hapa nafasi ilikuwa ya kidole kimoja. Plaizi ya kukatia haikuingia, na ukanda ulikuwa umezama kwenye nyaya kiasi kwamba hata ncha ya wembe isingepita chini yake bila kugusa ganda la waya. Nyaya zile ni nyembamba, na kosa hilo nilishalifanya mwaka juzi kwenye pikipiki nyingine. Nilikata kebotai kwa kisu, nikachana ganda la waya mmoja bila kujua, na mvua ilipoanza fyuzi ikawa inakatika kila siku ya tatu. Ilinichukua mwezi mzima kuupata mchano wenyewe, mdogo kama jicho la sindano. Tangu hapo kisu sikipeleki tena kwenye nyaya zilizobanwa.

Kabla ya kugusa kitu nilichukua kebotai mpya ya upana uleule, nikaifunga kwenye mpini wa jembe, nikakata mkia vilevile, nikakaa nayo mlangoni penye mwanga. Ukiitazama kwa karibu, kichwa cha kebotai ni kijisanduku chenye tundu. Ndani ya tundu kuna ulimi mdogo wa nailoni uliotoka kwenye ukuta mmoja. Shina la ulimi liko karibu na upande ambao ukanda unaingilia, na ncha yake inaelekea upande ambao mkia unatokea. Ncha hiyo ina vijino vinavyokamata meno ya ukanda. Ukivuta mkia, meno yanausukuma ulimi pembeni na kupita, ndiyo ule mlio wa kereza tunaousikia. Ukanda ukitaka kurudi, meno yanaisukuma ncha ya ulimi kinyume, nayo inazidi kujibana kwenye ukanda. Kwa hiyo kadiri unavyouvuta kitanzi kwa nguvu ndivyo unavyoufunga. Siri ya kuifungua iko kwenye hiyo ncha: ipenyezee kitu chembamba kati yake na meno, uinyanyue ikae mbali na ukanda, na ukanda utarudi wenyewe.

Shemeji yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani na alikuwa barazani anakata vitambaa. Nikamwomba pini. Akanipa ile ya kichwa cha duara, akaniangalia ninavyoichomeka, akasema, "Shemeji, hiyo ni ya kushikia kitambaa, itapinda." Ikapinda. Akanipa sindano ya mkono. Hiyo ilikuwa ngumu vya kutosha, lakini nilipoikandamiza niliisikia inalia, nikaitoa. Chuma cha sindano hakipindi, kinavunjika, na kipande kikibaki ndani ya kichwa mlango umejifunga. Shazia la magunia lilikuwa nene, halikupita kabisa. Mwishowe akafungua kopo lake akatoa pini kubwa ya kubania, zile za nepi za watoto. Nikaifungua, nikainyoosha kwa plaizi, kisha nikaisugua ncha kwenye jiwe la kunolea visu, pande mbili, hadi ikawa bapa kama bisibisi ndogo sana. Ubapa huo ndio uliokuja kuniokoa. Ncha kali inachoma nailoni na kuzama, bali ncha bapa inateleza juu ya meno na kuingia chini ya ulimi.

Kwenye mpini wa jembe nilikosea mara mbili, na nashukuru nilikosea pale. Kwanza niliingiza pini kutoka upande ambao ukanda unaingilia. Huko unakutana na shina la ulimi, hakuna cha kunyanyua. Pini inatakiwa iingie upande mkia unapotokea. Kosa la pili lilikuwa kuipitisha pini nyuma ya ulimi, kati yake na ukuta wa kichwa. Pale nikikandamiza nilikuwa naubana ulimi kwenye ukanda badala ya kuutoa. Vidole vinakuambia tofauti: pini ikiwa mahali pake inakwaruza, unahisi vijimatuta vya meno kimoja baada ya kingine. Ukihisi ulaini mtupu, ama uko nyuma ya ulimi ama upande wa mgongo wa ukanda usio na meno. Nilirudia mara nne hadi nikawa naifungua macho yamefumba, maana shingoni mwa pikipiki nisingeona vizuri.

Ndipo nikaenda kwenye pikipiki. Jambo la kwanza nilitoa waya hasi wa betri. Unapochokoachokoa kwa kipande cha chuma katikati ya nyaya zenye umeme unaomba shoti. Nikafungua boliti ya nyuma ya tenki na kuliinua kidogo, nikaweka kipande cha mbao chini yake, nikiangalia bomba la mafuta lisivutike. Nikapata kama sentimita mbili zaidi.

Kichwa cha kebotai kilikuwa kimeelekea ndani, kwenye nguzo ya usukani, mahali ambapo pini isingefika. Ilibidi nikizungushe. Nilidondosha maji ya sabuni kwenye ukanda, nikalikamua fungu la nyaya kwa vidole viwili ili lipungue unene, na kwa mkono mwingine nikakisukuma kichwa kwa ncha ya bisibisi. Kilisogea kidogo kidogo, kama robo ya mzunguko, hadi uso wake wa kutokea mkia ukanitazama. Nyuma yake nikachomeka kipande nilichokata kwenye dumu la plastiki, ili pini ikiteleza ichome dumu badala ya ganda la waya.

Hatua iliyofuata ndiyo watu wengi huiruka kisha wakasema pini haifai. Kebotai iliyokazwa sana inaweka uzito wote kwenye ncha ya ulimi, na ulimi uliobebeshwa uzito haunyanyuki, utapinda pini tu. Lazima kwanza uupumzishe. Mkia ukiwa mrefu, unauvuta mbele kidogo kana kwamba unakaza zaidi. Mimi nilikuwa na milimita mbili, lakini plaizi ya mdomo mrefu ilizishika kwa ncha. Nikalikamua tena fungu la nyaya na papo hapo nikauvuta ule mkia mfupi. Haukuruka jino, ila ulisogea nusu, nikahisi kichwa kimelegea.

Nikiwa nimeshikilia hivyohivyo, nikapenyeza pini juu ya meno. Ikakwaruza moja, mbili, ikasimama. Hapo ilikuwa chini ya ulimi, ndani kama milimita tatu. Nikaulaza mpini wa pini kuelekea mgongo laini wa ukanda, ncha ikaenda upande wa pili ikaunyanyua ulimi. Nikaachia mkia, nikahamisha plaizi upande wa kitanzi, nikaushika ukanda pale unapoingilia kichwani, nikavuta taratibu. Jaribio la kwanza lilitoa mlio wa "ta", jino moja, kisha likakwama. Mlio huo ni habari: ulimi umenyanyuka nusu na bado unagusa. Nikaongeza pini unywele mmoja ndani, nikavuta tena. Safari hii ukanda ulirudi kimya, bila mlio wowote, kama uzi unaotoka kwenye tundu la sindano. Kitanzi kikafunguka, waya wa eksileta ukachomoka wenyewe na kurudi mahali pake.

Kazi yote, ukiacha mazoezi ya barazani, ilikula kama dakika ishirini.

Kuna kebotai ambazo sitajaribu tena hivi. Zilipobuniwa na Maurus Logan wa kampuni ya Thomas & Betts, na kuombewa hataza mwaka 1958, zilikusudiwa kufunga nyaya za ndege, na ulimi wake ulikuwa kijembe cha chuma. Za aina hiyo bado zipo. Chuma kile kinang'ata nailoni badala ya kukamata meno, na pini haikinyanyui kirahisi. Nyingine ni zile zilizokaa miaka karibu na injini au kwenye jua, hasa nyeupe. Nailoni yake imekauka, ukinyanyua ulimi unavunjika. Itafunguka, lakini haitafunga tena.

Yangu niliikagua kabla ya kuirudisha. Niliangalia shina la ulimi kwenye mwanga nikaona mstari mweupe mwembamba, alama kwamba nailoni imekunjwa kupita kiasi. Nikaivuta kwa mikono ikashika, lakini kwa mstari ule sikuiamini kubeba kitu cha shingoni. Imekwenda kufunga mdomo wa gunia la mkaa. Kwenye fremu niliweka mpya, nikazifunga nyaya za umeme peke yake, kwa mkazo wa kuacha fungu lizunguke likisukumwa kwa kidole, na waya wa eksileta nikaupitisha pembeni kwenye kishikizo chake cha kiwandani. Nikarudisha betri, nikawasha, nikageuza usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, mara tatu. Mlio ulibaki palepale.

Pini ya shemeji sikuirudisha. Nimemnunulia kadi nzima ya mpya, na ile bapa inakaa chini ya kiti pamoja na spana namba 10.