Simu Ikiwa Safi na Moyo Bado Haujatulia

Jumapili, jioni. Swali moja limenikaa kichwani tangu asubuhi: mtu anayepekua simu ya mwenzake anatafuta nini hasa, na atajuaje kwamba amemaliza kutafuta?

Nimejiwekea mfano wa nyumba moja ya kubuni, Mbagala. Mume ni fundi umeme. Saa tano usiku simu yake inawaka mezani, jina ni "Fundi Bomba", na kabla mke hajasoma, ujumbe umeshafutwa. Asubuhi mume yuko bafuni. Mke anaifungua simu, maana namba ya siri anaijua, ni mwaka aliozaliwa mtoto wao wa kwanza. Kwenye WhatsApp anakuta "Ujumbe huu ulifutwa". Kwenye meseji za pesa anakuta shilingi 45,000 zimekwenda kwa jina la mwanamke asiyemjua. Mume hajamaliza hata kujifuta maji, na hukumu imeshatoka.

Ila alichokiona ni vitu viwili tu. Maneno yale maana yake ni kwamba aliyetuma ndiye aliyefuta, wala si mume. WhatsApp inamruhusu mtumaji kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na ushei, na watu hufuta kwa sababu walikosea herufi, walituma kwa mtu siye, au walijutia walichosema. Jina kwenye muamala nalo ni la aliyesajili laini, si lazima liwe la anayeishika. Usajili wa alama za vidole ulipoanza, wengi wasio na kitambulisho cha NIDA walisajiliwa na ndugu zao, kwa hiyo fundi mwanaume kupokea hela kwa jina la dada yake si ajabu. Ukilipa kwa lipa namba, mara nyingi linatokea jina la mwenye duka, na mwenye duka la nyaya anaweza kuwa mwanamke.

Sisemi michepuko haipo. Ipo, na wakati mwingine "Fundi Bomba" si fundi wa kitu chochote. Ninachosema ni kwamba vitu viwili vile vinakaa sawasawa kwenye hadithi zote mbili, ya usaliti na ya bomba lililopasuka, na simu peke yake haiwezi kuchagua kati yake.

Mambo huharibika hatua inayofuata. Mke anaichukua simu tena, anaingia "Vifaa vilivyounganishwa" kwenye WhatsApp, anaskani kwa simu hiyo msimbo unaotokea kwenye kompyuta yake ya ofisini. Haichukui hata dakika moja. Kuanzia hapo meseji za mume anazisoma mchana kutwa. Anadhani anatafuta jina moja, lakini anasoma kila kitu: mume akimlalamikia mama yake kuhusu ada ya shule, rafiki akimweleza mume ugonjwa wake, utani wa kijiweni ambao ukiusoma peke yako, bila sauti wala cheko, unageuka matusi. Siku ya tatu ana makosa kumi ya mume, na hakuna hata moja linalohusu mwanamke. Hawezi kuuliza lolote, kwa sababu akiuliza atajulikana ameyatoa wapi. Ndiyo maana nyumba zenye upekuzi huwa na ugomvi wa chumvi na mlango usiofungwa: hasira ina chanzo kisichoweza kutajwa.

Na hilo halifichiki muda mrefu. Akifungua ujumbe mpya kule kwenye kompyuta, kwenye simu unaonekana umeshasomwa. Mume akiingia kwenye orodha ya vifaa ataona kompyuta asiyoijua na saa iliyotumika mwisho. Akishaona, mjadala wa "Fundi Bomba" umekufa. Sasa kinachozungumzwa ni kompyuta, na kama kweli alikuwa na la kujibu, amepata pa kujificha.

Kipimo ninachokiamini ni kimoja. Kabla ya kugusa simu, jiulize: nikikuta nini nitatulia? Kama jibu lipo, kwa mfano "nikikuta kwamba bomba la mama mkwe lilipasuka kweli", basi una swali, na swali linaulizwa kwa mdomo. Kama jibu halipo, kama simu ikiwa safi utasema "kafuta" na ikiwa na meseji utasema "nilijua", huo si uchunguzi tena. Kukuta kitu na kutokukuta vyote vimekuwa ushahidi wa jambo lilelile. Mtu wa namna hii hupata nafuu ya nusu saa baada ya kupekua, kisha wasiwasi unarudi na kudai kipimo kikubwa zaidi: leo WhatsApp, kesho Instagram, keshokutwa muda aliokuwa mtandaoni usiku. Mwenzake naye, hata asiye na kosa, anaanza kufuta meseji za kawaida ili kuepusha maswali, na kufuta huko kunawasha moto upya.

Kuuliza kuna namna yake. Si usiku, si mbele ya watoto, na si huku umeishika simu yake mkononi. Unasema ulichokiona na unakomea hapo: "Baba Neema, juzi saa tano usiku niliona ujumbe wa Fundi Bomba ukafutwa, na nimeona elfu arobaini na tano imetumwa. Imenikosesha usingizi. Niambie." Hapo umekiri kwamba ulifungua simu, na ni bora utangulie kulisema kuliko likagunduliwa. Kisha unanyamaza. Sentensi ya pili, ile ya "na najua wewe na wanawake", ndiyo inayoharibu kila kitu, kwa sababu inamruhusu ajibu tusi badala ya swali.

Pale ambapo usaliti ulishatokea na wote wawili wamekubali kuendelea, kuonyeshana simu kunaweza kusaidia, lakini kwa masharti: mwenye simu awepo, kila mmoja aonyeshe yake, mazungumzo ya watu wengine yasisomwe, na siku ya kuacha itajwe tangu mwanzo. Bila tarehe ya mwisho, mmoja anakuwa mlinzi na mwingine mfungwa. Na kama kinachokutisha ni maambukizi, nenda ukapime. Simu haijui hali yako ya afya. Ukiwa unasomewa kila ujumbe, unapigwa au unakatazwa kuongea na nduguzo, hapo suala si wivu. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Wengine hukusanya picha za skrini wakisema "zitanisaidia mahakamani". Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri la talaka kwa kawaida lipitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na pale mtaulizwa mnaishije, si nani kaskani nini. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, na cheti cha ndoa si ruhusa. Waislamu wana aya ya 12 ya Surat al-Hujurat, inayotaja dhana mbaya kwanza, kisha ikakataza kupelelezana. Mpangilio huo naona umeijua hata nyumba ya Mbagala.

Anayetaka kujitoa kwenye kompyuta ile aanzie pale pale ilipo: afungue menyu, achague kuondoka kwenye akaunti. Kisha amwambie mwenzake kwamba iliunganishwa, lini, na kwamba imeondolewa, halafu amwache afungue mwenyewe "Vifaa vilivyounganishwa" aone orodha ikiwa tupu, na abadilishe namba ya siri akitaka.