Embe moja bivu linavyoivisha tenga zima

Embe likianza kuiva hutoa gesi iitwayo etilini. Huioni wala huisikii kwa pua, na kiasi kidogo mno kinatosha kuyaamsha maembe ya jirani. Nayo yakishaamka huanza kutengeneza etilini yao wenyewe, na hapo ndipo mambo yanapokwenda mbio: gesi huzaa gesi, wanga hugeuka sukari, nyama hulainika.

Ukitaka dodo zako ziive pamoja, weka embe moja bivu katikati ya kumi hivi yaliyokomaa, kwenye kapu au boksi, kisha funika kwa gazeti au kitambaa. Pahali pa nyuzi joto 20 hadi 24 panafaa sana. Fungua kila siku ukague. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa ni kazi bure: hewa safi huisha, hewa chafu ya kaboni huzuia kuiva, na jasho linalobaki ndani huleta ukungu.

Ila etilini haifanyi miujiza kwa embe changa. Tazama mabega yake: kama hayajajaa kuzunguka kikonyo, litanywea ngozi na kubaki chachu. Na lile lenye jeraha au madoa meusi usilifanye mbegu. Ni kweli hutoa gesi nyingi zaidi, lakini litaambukiza uozo pia.

Wa kusafirisha mbali afanye kinyume: atoe kila linaloanza kunukia kabla ya kufunga tenga.