Viti 29 vya kwenda Singida

Juzi binti yangu, ambaye mwaka huu amechaguliwa kuwa katibu wa kwaya ya vijana, alinijia na daftari na kuniuliza swali moja tu: "Mama, Kosta inabeba wanakwaya wangapi?" Nilimjibu kwamba inategemea vyombo mnavyobeba, kisha nikajikuta nimekaa kimya, kwa sababu swali hilo ndilo lililotushughulisha kuliko jambo lolote lingine kwaya yetu ilipoandaa ziara ya Singida, mimi nikiwa katibu.

Tulikuwa wanakwaya 33. Gari tulilopata Dodoma lilikuwa na viti 29 vya abiria, na viti viwili vya nyuma vilipaswa kuachwa kwa ajili ya spika na jenereta, maana kanisa mojawapo tulilokwenda kuimba halikuwa na umeme wa kutegemea. Vikabaki viti 27. Ukimtoa mwalimu na mpiga kinanda, nafasi za waimbaji zilikuwa 25. Kusimamisha watu njiani hakukufikiriwa, kwa sababu askari wa usalama barabarani wangelisimamisha gari kabla halijafika Bahi, na kwa sababu kati ya Kintinku na Manyoni barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo gari lililozidishiwa uzito huchemsha injini. Basi kubwa tuliliulizia pia. Kodi yake ilikaribia mara mbili ya ile ya Kosta, bila kuhesabu dizeli.

Tangu mwezi wa tano kila mwanakwaya alikuwa akichanga shilingi 2,500 kwa wiki, kwa wiki 12, ili ziara ifanyike mwezi wa nane, watu wakiwa wameshavuna na kabla fedha haijaitwa na ada za shule. Wote 33 walikuwa wamemaliza kuchanga, jumla shilingi 990,000. Kodi ya gari kwa siku tatu ilikuwa 600,000, mafuta juu yetu. Mafuta niliyapiga hesabu kwa lita kwanza: kwenda na kurudi ni kama kilomita 480, mizunguko ya mjini nikaiwekea 60, na Kosta iliyojaa nikaihesabia kilomita sita kwa lita, hivyo lita 90. Bei niliiacha hadi mwisho, kwa kuwa EWURA hutangaza bei mpya kila mwezi, na nikaweka 2,500 kwa lita ili tusipungukiwe, yaani shilingi 225,000. Posho ya dereva 60,000, chakula cha njiani pamoja na dharura 200,000. Jumla ilifika 1,085,000.

Ugumu upo hapo. Kodi ya gari haipungui kwa sababu umewaacha watu nyumbani. Ukiwaacha wanane na kuwarudishia michango yao, pengo la shilingi 95,000 linakuwa 335,000, na wanaosafiri ndio wanaolibeba. Usipowarudishia, watu wanane wamelipia safari ya wenzao.

Kabla ya fedha, hata hivyo, ilibidi tujue ni nani atakayebaki, na mwalimu alikataa katakata kuchagua kwa majina. Alisema yeye ataamua idadi ya kila sauti, na majina yaamuliwe kwa kura. Tulikuwa na sauti ya kwanza 13, ya pili tisa, ya tatu sita, na ya nne watano. Nikaandika majina kwenye vikaratasi, nikayachanganya kwa kila sauti peke yake, nikiwatenga waongozaji wa sauti tu, kisha mpangilio wa kura ukabaki mkononi mwangu.

Jioni ile ya Alhamisi mwalimu aliwapanga kama kawaida, akatoka nje ya ukumbi, akasimama mbali kidogo na mlango akiwa ametupa mgongo. Kwaya ilianza ubeti wa kwanza wa wimbo tuliokusudia kufungulia. Kila ubeti ulipokwisha nilimgusa bega mtu wa kura iliyofuata, naye akakaa kwenye benchi, na ubeti ukarudiwa bila yeye. Nilianza na sauti ya kwanza. Alikaa mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, na wimbo haukutetereka. Ulizidi hata kuwa safi, maneno yakasikika. Alipokaa wa tano, mwalimu aliinua mkono kule nje bila kugeuka. "Mrudishe huyo." Sauti ya pili ilivumilia watatu. Sauti ya tatu ilivumilia mmoja. Nilipomgusa bega mzee mmoja wa sauti ya nne, hata nusu ya ubeti haikufika. Wimbo ulikosa pa kukanyaga, na mkono ukainuka.

Miongoni mwa watatu wa sauti ya pili alikuwamo mama mmoja aliyeimba katika kwaya ile tangu kabla ukumbi haujaezekwa. Nilipomgusa alinitazama, akakaa taratibu, akaweka mikono mapajani. Ubeti ulipoanza tena niliona midomo yake ikifuata kila neno bila kutoa sauti, ili asimharibie mwalimu hesabu. Kati ya wale wanane waliokaa benchini, saba walikuwa wanawake, ambao ndio waliokuwa wakichanga bila kukumbushwa, na hakuna aliyekuwa ameimba vibaya. Walikuwa wengi tu.

Kamati iliamua kuwarudishia wote. Watano walipokea. Watatu waliacha fedha zao, na mama yule alikuwa mmoja wao. "Katibu, mwanangu," aliniambia, "hiyo niliitoa kwa wimbo, sikuitoa kwa kiti." Kila aliyesafiri aliongeza shilingi 5,000, na zilizobaki zilitoka kwa waumini, nasi tulihesabu fedha iliyokwisha kulipwa, si ahadi.

Safari yenyewe ilikwenda vizuri. Mwenye gari alikata kibali cha kukodi LATRA, kwa kuwa gari lake lilisajiliwa kufanya kazi kwenye barabara nyingine, tukamlipa nusu kabla ya kuondoka na nusu baada ya kurudi. Wenyeji waliwapokea akina mama majumbani, wawili wawili, na wanaume wakalala kwenye madarasa. Tuliomba nyumba zote ziwe mahali pa kufikika kwa miguu, ili usiku dereva alale badala ya kusambaza watu. Jumamosi alasiri tuliimba kwenye tamasha, Jumapili ibada ya saa moja, kisha ya saa nne katika kanisa la pili. Wenyeji walituomba pia mkesha wa Jumamosi, na mwenyekiti akakataa kwa upole, maana upepo wa Singida mwezi wa nane hukausha koo, na wa sauti ya kwanza walikuwa tisa tu, wasio na wa kuwapokea. Saa nane mchana tuliondoka ili tufike Dodoma giza likiwa bado changa.

Waimbaji 25 walitosha kabisa. Mwalimu alikuwa amesikia sawasawa. Kwa upande wa muziki sina ninalolibishia. Lakini miongoni mwa wale wanane, wawili hawakurudi mazoezini, na nilipokwenda kuwatembelea walinikaribisha vizuri, wakanipa chai, wala hawakuitaja ziara. Nimefikiri mara nyingi kama ingekuwa heri tuchange hadi mwaka uliofuata na kukodi basi kubwa, twende wote 33. Mwalimu husema kwaya nzima isingedumu kuchanga mwaka mzima, na huenda anasema kweli. Mama wa sauti ya pili aliendelea kuimba nasi, na kila tulipofungua ibada kwa wimbo ule nilishindwa kumtazama.